MJADALA: Wahusika wa katuni za watoto tuwape lafudhi za mikoa ili watofautiane?

MtayarishajiMpya
Wakuu, tunaandaa katuni ya watoto wa miaka 6 hadi 9. Wahusika wanne: Kanga anayetaka kupanga kila kitu, Kima asiyetulia, Kobe mpole, Fisi mwoga. Wote wanasikika kama mtu mmoja. Mwenzangu anataka kila mmoja apewe lafudhi ya mkoa fulani, eti mtoto atamjua kwa neno la kwanza. Mimi nasita, naona tutakuwa tunadhihaki watu. Mnasemaje? Kipande chenyewe hiki hapa, wamefika mtoni:

KANGA: Jamani, daraja limekatika!
KIMA: Loo, limekatika kweli! Hatuwezi kupita!
KOBE: Sasa tutafanya nini jamani?
FISI: Naogopa! Tutavukaje?

Chande_Maiki
Mnajisumbua bure. Lafudhi zipo kwenye vichekesho vya redio miaka nenda rudi na watu wanacheka. Hata hivyo dawa si skripti, ni mwigizaji. Kima mpe sauti nyembamba ya haraka, Kobe aburute, Fisi atetemeke. Neno lolote utakalompa litasikika tofauti.

BiMswada
Kaka Chande, sauti inasaidia, lakini inafika kwa kuchelewa. Kwenye katuni mazungumzo hurekodiwa kabla mchoro haujaanza kutembea. Na kabla ya waigizaji kuingia studio, mtu mmoja wa ofisini husoma mistari yote, sauti yake ikawekwa juu ya storibodi, yaani michoro ya matukio iliyopangwa kwa mfuatano, ili muda upimwe. Hapo wahusika wote wanne wana sauti moja. Mchoraji asipojua nani anaongea kwa kusikia maneno, atachora sura nne zenye mshangao uleule. Pia siku mwigizaji mmoja akibeba wahusika wawili, au katuni ikitiwa lugha nyingine, ile sauti nyembamba inabaki studio.

MtayarishajiMpya, ugonjwa wa kipande chako ni huu: wote wanne wanasoma picha. Mtoto ameshaliona daraja limekatika, halafu anaambiwa mara nne. Wahusika wakieleza kitu kilekile kinachoonekana, lazima wafanane, hata ukimpa mmoja lafudhi ya Pemba na mwingine ya Bukoba.

Kabla ya kuandika neno, jiulize kila mmoja katika sekunde hiyo anashughulika na nini. Kanga anataka watu watulie apange. Kima ameshafika ng'ambo kwa mawazo. Kobe anaangalia chini, kwa hiyo anaona maji. Fisi hafikirii mto kabisa, anafikiria atasingiziwa. Sasa andika:

KANGA: Kaeni hapa. Nahesabu.
KIMA: Si turuke tu?
KOBE: Maji yanapanda.
FISI: Mimi sikuligusa!

Ziba majina kwa kiganja, umsomee mtu ambaye hajui hadithi, kisha mwulize nani mwoga na nani hana subira. Halafu jaribu kubadilishana: mpe Kobe mstari wa Kima. Ukikaa vizuri bila kitu kuharibika, basi mstari huo haukuwa wa mtu yeyote.

Mfasiri_254
Mimi kazi yangu ni kutia sauti katuni za nje kwa Kiswahili, na hapo huna uhuru huo wote. Mdomo umeshachorwa. Mhusika akifunga midomo mwishoni mwa neno, maneno yetu yanaishia na irabu, mdomo wazi. Natafuta neno lenye m, b au p karibu na mwisho ndiyo isionekane vibaya. Kwa hivyo huyu aanze kuangalia midomo kwanza, tabia baadaye.

BiMswada
Ndugu Mfasiri, huo ni ufundi wa kutia sauti juu ya picha iliyokwisha. Yeye anaandika upya, mdomo wake utachorwa kufuata maneno. Ila jambo la muda analo pia, nitalifikia.

MwanaMvita
Ndugu zangu, nirudi kwenye swali, maana mmelikwepa. Mimi sioni ubaya wa lahaja, ubaya ni anayepewa. Angalia utaratibu wenyewe: shujaa husema Kiswahili sanifu kama msomaji wa habari, mwizi na mpumbavu ndio hupewa lafudhi. Mtoto wa miaka 6 halisemi hilo kwa maneno, lakini analishika. Geuzeni. Kanga ndiye mwenye akili, basi awe wa Mombasa, aseme Kimvita. Badala ya "njoo" aseme "ndoo", badala ya "macho" aseme "mato". "Ndooni hapa!" Maneno mawili, na hakuna mwingine kwenye kundi atakayeweza kuyasema.

Chande_Maiki
Mkuu, mtoto wa Mwanza akisikia "ndoo" atatafuta ndoo ya maji.

MwanaMvita
Na Kanga akinyoosha bawa kuwaita wenzake, bado atatafuta ndoo? Katuni ina picha, ndugu yangu. Neno moja la lahaja kwa tukio, likiwa na kitendo chake juu ya kioo, mtoto analidaka. Shida ni mwandishi wa mbali anayeokota maneno mawili ya Kimvita akayabandika kwenye sentensi ya Dodoma. Mwenyeji atasikia uongo mara moja. Mtafuteni msemaji wa lahaja asome mistari yote ya Kanga, si yale maneno mawili peke yake.

BiMswada
Hapo na mimi nakubaliana nusu. Tutenganishe vitu viwili. Lahaja ina msamiati na sarufi yake, mwenyewe akiisikia anajitambua. Lakini ninachohisi mwenzake MtayarishajiMpya anakitaka ni kile cha kubadilisha sauti tu, hasa r na l, ili watu wacheke. Hicho nakikataa, na sababu ya kwanza ni ya kifundi. Mstari wako una maneno mawili au matatu. Ukimwandikia Fisi "Hatuna mahali" kisha akatamka "mahari", ameshaongelea posa. "Kula" ikigeuka "kura", tumeingia kwenye uchaguzi. Katika hotuba ndefu maneno ya jirani yangeiokoa maana, kwenye maneno mawili hakuna jirani. Sababu ya pili, MtayarishajiMpya, umeshaigusa mwenyewe uliposema tutadhihaki watu: kesho yake shuleni kuna mtoto anayezungumza hivyo nyumbani, naye ataitwa Fisi.

Zuhura_K
Njia rahisi kuliko zote: kila mhusika apewe neno lake. Kima "ati", Kanga "jamani", Kobe "taratibu", Fisi "wallahi". Watoto watayaiga mpaka mtaani.

BiMswada
Dada Zuhura, neno la kujirudia linafaa kwa mhusika mmoja, labda wawili. Ukiwapa wote wanne, kila mstari unaanza kwa kengele, na mwandishi anaacha kufikiri kwa sababu kengele imeshafanya kazi. Kipimo ni kulifuta. "Wallahi, tutavukaje?" ukiondoa "wallahi" inabaki "tutavukaje?", ambayo yeyote angeisema. "Mimi sikuligusa" haina neno la kujirudia na bado ni Fisi.

Kitu kinachodumu zaidi ya neno ni umbo la sentensi. Kila mmoja mpe umbo lake, wawili wasikutane kwenye tukio moja. Kanga anaamuru. Kima anauliza, lakini swali lake ni kama ameshaamua: si turuke, kwani kuna nini, mbona tumesimama. Kobe anataja kitu kwanza halafu kinachokipata: maji yanapanda, kamba imelowa. Fisi anaanza na "mimi" na mara nyingi anakanusha.

Tena Kiswahili kinatupa nafasi ndani ya kitenzi chenyewe. Mwenye kupanga mwache kwenye -ta-, "nitahesabu, mtafuata". Mwenye kuona mwache kwenye -na- na -me-. Ukitaka bibi mwenye hekima, mpe hu-: "Mto hushuka jioni." Silabi moja tu na tayari ana miaka sabini. Kuitana pia: Kima amwite Kobe "mzee", Kanga aite kila mtu kwa jina lake, Fisi aseme "dada Kanga" pale tu anapoogopa.

Sasa muda. Maongezi ambayo mtoto anayafuata bila taabu ni kama silabi 5 au 6 kwa sekunde. Picha ikiwa ya sekunde 2, karibu nusu sekunde unaiacha kwa uso kubadilika. Zinabaki silabi 8 hivi. "Maji yanapanda" ni 6, inaingia. "Mimi sikuligusa" ni 7, inaingia. Lakini "Kaeni hapa. Nahesabu" ni 9 na ina kituo katikati, mwigizaji ataikimbiza na Kanga atasikika kama Kima. Ondoa "hapa", bawa lake linaonyesha mahali. "Kaeni. Nahesabu." Silabi 7.

MtayarishajiMpya
Asante sana dada. Nimejaribu tukio linalofuata, wamepata kamba:

KANGA: Kobe, funga. Kima, subiri.
KIMA: Naanza mimi!
KOBE: Kamba imelowa.
FISI: Mimi sijui kuogelea.

BiMswada
Kanga mzuri, ila ana silabi 9 na kituo tena, mpe picha ya sekunde 3 au mwondolee amri moja. Kima amechukua "mimi" ya Fisi. Kuna mstari mmoja tu kati yao na masikio ya mtoto yatawachanganya. Mrudishe kwenye swali lake: "Kwani zamu ya nani?" Fisi mwache hivyohivyo. Umbo lake lilinde mpaka kipindi kinakaribia kwisha, kisha livunje mara moja tu. Wenzake wakizidiwa na maji, aseme "Shikeni mkia!" Hamna "mimi", hamna kukanusha, ameamuru kama Kanga. Mtoto atajua Fisi amebadilika bila mtu kumwambia. Ukiwa umeshalivunja umbo hilo mara tatu huko nyuma, mstari huo hautakuwa na nguvu yoyote.

MwanaMvita
Vyema, lakini hamjanijibu. Kanga wenu ana amri, ana wakati ujao, anaita majina, na bado anasema Kiswahili cha ofisini. Watoto wa Pwani watajisikia wapi?

BiMswada
Kwa Kanga akiwa wa Mombasa sina pingamizi, alimradi amri zake zibaki amri. Ninachoogopa ni lahaja kutumika badala ya tabia. Ukisanifisha mistari yake yote na bado akajulikana ni yeye, mrudishie Kimvita chake.

MwanaMvita
Mbona sharti hilo hamumpi anayesema sanifu?

Chande_Maiki
Hapo amekushika, dada. Mimi nasema wapeni watoto waamue. Tumieni ile sauti ya kupimia muda, msomaji mmoja, zima picha. Weka michoro minne mezani, kila mstari mtoto aoneshe nani kasema. Fanyeni mara mbili, Kanga sanifu na Kanga wa Mvita, watoto wa Mombasa na wa Mwanza.

MwanaMvita
Na msomaji awe nani? Akiwa wa Dar, "ndooni" yake itakuwa ya kuigiza.