Boga la Jumapili kwa ajili ya Koko

Shangazi Mkubwa, 18:05
Habari za jioni, wapendwa. Koko ameng'olewa meno mawili, kwa hiyo Jumapili tutampikia supu ya boga hapa Ibanda. Nimenunua Kadutu boga moja la kilo 4, lenye ganda gumu. Natafuta mtu wa kumenya na mtu wa kuleta sufuria kubwa.

Shangazi Mkubwa, 18:40
Naona mmesoma nyote, na hakuna aliyejibu.

Kaka wa Panzi, 19:12
Nitamenya mimi, Shangazi. Nitalishika mkononi na kulimenya kama kiazi.

Shangazi Mkubwa, 19:16
Hapana, mwanangu. Boga hubiringika, na kisu kikiteleza juu ya ganda kitaishia kwenye kidole. Kata kwanza kitako chake kidogo ili likae imara juu ya ubao, ulipasue, utoe mbegu kwa kijiko, kisha ukate vipande virefu. Laza kila kipande na ushushe kisu kuelekea ubao, vidole vikiwa mbali na makali. Ganda likikushinda, chemsha vipande pamoja nalo, kisha ukwangue nyama kwa kijiko.

Dada wa Uvira, 19:31
Dakika 20 zinatosha. Huku ndivyo ninavyopika.

Shangazi Mkubwa, 19:35
Uvira iko chini kuliko Bukavu, na huku juu maji huchemka yakiwa na joto pungufu kidogo, hivyo tusitegemee saa yako. Chagua kipande kinene kuliko vyote, ukichome katikati, kwa sababu kingo hulainika kabla ya moyo. Kisu kikiingia bila kukwama, na kipande kikateleza chenyewe unapokiinua, limeiva.

Mama wa Nguba, 20:02
Maneno hayo yangesemwa Pasaka, wakati boga lilipobaki gumu katikati na lawama zote zikanishukia mimi. Tena sufuria yangu haijarudi hadi leo.

Binamu, 20:04
Tangu Pasaka! Sufuria hiyo imeiva kuliko boga.

Shangazi Mkubwa, 20:09
Mdogo wangu, siku ile ulitia maji yakafunika boga, kisha ukaipua mapema ukiogopa lisije likawa la majimaji. Boga hutoa maji yake lenyewe. Tia maji ya kina cha kidole kimoja, funika, na likishaiva ponda kwa mwiko, ukiongeza maji yale yale kidogo kidogo hadi supu iwe laini.

Koko, 20:47
Wanangu, nimesoma. Kabla ya kuwasha makala, onjeni kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi, na kikiwa kichungu mteme na kulitupa boga zima, kwa sababu uchungu ule huumiza tumbo na moto hauuondoi. Sufuria nayo irudi kwa mwenyewe.

Kaka wa Panzi, 21:10
Tumesikia, Koko. Likiwa chungu tutapika nini?

Shangazi Mkubwa, 21:12
Kesho nitaongeza boga dogo. Sufuria ya Nguba iko kwa nani?

Mke wa Kaka, 22:50
Samahani, nimeona ujumbe sasa hivi. Mbegu zake nizikaange?