Mrejesho: binti yangu na kiima

Niliuliza: "Binti yangu ana miaka 9, anachanganya nomino na kiima, kitenzi na kiarifu. Nimweleweshe vipi kwa mambo ya nyumbani?"

Wakuu, nashukuru sana. Kilichofanya kazi ni ule mfano wa zamu. Nilimwambia nomino ni wewe mwenyewe, na kiima ni zamu uliyopangiwa leo. Mama ni mama siku zote, ila leo yuko zamu ya jikoni, kesho anapakuliwa chakula.

Tukachukua chakula chetu cha hapa Dodoma: "Bibi anapika mlenda." Nomino ni mbili, bibi na mlenda. Kitenzi ni anapika. Akasema viima ni viwili! Nikamwonyesha herufi ya kwanza ya kitenzi: hiyo "a" inamfuata nani? Bibi. Basi bibi ndiye kiima, na "anapika mlenda" yote ni kiarifu, maana kitenzi ni sehemu tu ya kiarifu. Tukageuza: "Mlenda unapikwa na bibi." Akaishika "u" mwenyewe, akapiga kelele, "Zamu imehama!"

Kwenye "Shangazi yangu wa Kondoa anapika mlenda" bado anakata "shangazi" peke yake. Namwambia aweke kidole kwenye kitenzi. Maneno yote yaliyotangulia hapo ni kiima. Kanuni hiyo inatosha kwa sentensi fupi kama hizi tu. Ukianza na "jana" inavunjika, kwa sababu jana haipiki.