Wakuu, naomba ushauri: gredi za simu za mtumba kwenye katalogi zinanigombanisha na wateja

Chikongola Orijino
Wakuu, habari za jioni. Nauza simu za mtumba hapa Mtwara mjini. Wateja wengi wako Newala, Tandahimba na Masasi, wananunua kwa kuangalia katalogi tu, mzigo naupakia kwenye basi. Kila simu ina picha nne na gredi, na chini ya kila tangazo kuna linki ya ufunguo wa gredi. A ni "safi sana", B ni "mikwaruzo midogo ya kawaida", C ni "imetumika sana". Shida ni kwamba gredi hazilingani. Simu mbili hali ileile, moja imeandikwa A, nyingine B, na mteja akipokea analalamika. Msimu wa korosho ndio huo unakuja, na ndipo simu zinapotoka. Niandikeje ufunguo ambao kila mtu ataelewa kitu kimoja?

Nahodha wa Mikindani
A: inawaka. B: inawaka ukiipiga makofi. C: inawaka kwa dua. Soda yangu baridi tafadhali.

Karani wa Mnada
Jambo jepesi hilo mkuu. Fanya kama korosho ghalani. Kila sehemu ipe alama: kioo 10, mgongo 10, fremu 10, betri 10. Jumlisha. Kuanzia 35 ni A, kuanzia 25 ni B. Namba haina ubishi.

Fundi wa Ligula
Karani, kugawa simu kwa sehemu uko sahihi, kujumlisha ndiko kunakoharibu. Chukua simu yenye mkwaruzo mrefu katikati ya kioo, ukaipa kioo 5, vingine vyote 10. Jumla 35, umeiita A. Mteja akiiwasha anaona mkwaruzo, haoni jumla. Ghalani wanachota sampuli, wanapasua, wanahesabu nzima na mbovu, kwa sababu mnunuzi anabeba magunia na wastani ndio wake. Wa simu anabeba moja. Gredi iamuliwe na kasoro mbaya kuliko zote, basi.

Mleta uzi, ufunguo wako una sifa, hauna vipimo. "Midogo ya kawaida" kwa nani? Andika kitu ambacho mtu anaweza kukifanya kwa mkono na jicho. Mfano wa A upande wa kioo: "Protekta imetolewa, kioo kimefutwa na kimezimwa, chini ya taa nyeupe, umbali wa sentimita 30, hakuna alama hata ukiinamisha simu." B: "mikwaruzo myembamba inaonekana ukiinamisha, lakini ukucha ukipita haukwami." C: "ukucha unakwama, au alama inaonekana kioo kikiwa kimewaka." Chenye ufa hakipewi gredi, kinauzwa kama simu ya vipuri. Kwa fremu tumia rula: A haijabonyea popote, B pamebonyea hadi milimita 2, zaidi ya hapo C.

Protekta usiipuuze. Mambo mengi yamelala chini yake. Kama huwezi kuitoa, tangazo liseme haikutolewa.

Sasa nijibu matatu. Nani anatoa gredi? Anatoa wapi na saa ngapi? Na ufunguo huo umewahi kubadilishwa tangu uanze?

Mama Friji Lindi
Samahani jamani, na mimi nauza mafriza ya mtumba. Kwetu chumvi ya bahari inakula mlango kwa chini, kutu tupu, lakini gesi inashika na barafu inaganda vizuri. Wauza samaki hawajali sura. Naweza kuliita A?

Fundi wa Ligula
Hapana mama, wala usiliite C ukaishia hapo. Herufi moja haiwezi kubeba sura na kazi kwa pamoja. Andika "Muonekano C, kazi kamili", na useme kutu iko wapi na kama imetoboa bati au iko juu ya rangi tu. Ilipotoboa, unyevu unaingia kwenye godoro la ubaridi lililo ndani ya ukuta, na hapo si sura tena, ni kazi.

Chikongola Orijino
Fundi, shukrani. Tunaotoa gredi ni watatu, mimi na vijana wangu wawili. Mimi asubuhi pale mlangoni dukani, wao jioni nyumbani chini ya balbu. Nadhani hapo ndipo tatizo lilipo. Nikinunua taa moja nzuri si itakuwa imeisha?

Fundi wa Ligula
Taa itasaidia nusu. Balbu ya manjano inaficha mikwaruzo myembamba, kwa hiyo simu za jioni zinapanda gredi. Lakini jicho nalo linahama. Kijana akishika simu kumi mbovu mfululizo, ya kumi na moja ikiwa ya wastani ataiona mpya. Dawa ni kuweka mezani simu mbili za mpaka: moja ni A mbaya kuliko zote unazokubali kuziita A, nyingine ni B mbaya kuliko zote. Kila anayekaa kugredi anazitazama hizo kwanza, na akisitasita anaweka simu pembeni yake. Mbovu kuliko ya mpaka, inashuka. Hizo mbili haziuzwi.

Halafu chukua simu 20, vijana wagredi kila mmoja peke yake bila kuona karatasi ya mwenzake. Zile walizotofautiana usiulize nani kakosea, angalia ni sentensi gani ya ufunguo waliyokuwa wanaisoma. Ukikuta nyingi ziko kwenye kona za fremu, basi sentensi ya fremu ndiyo inayolegea. Irekebishe, rudia na simu nyingine.

Swali la tatu umeliruka.

Nahodha wa Mikindani
Kaliruka kama dimbwi la Machi.

Chikongola Orijino
Sikuona lina uhusiano, mkuu. Ufunguo tuliurekebisha kidogo tu. Mwanzo A ilitaka betri asilimia 85 kwenda juu. Mzigo uliofuata ukaja na betri nyingi za 81 hadi 84, simu safi kabisa kwa macho, sasa niziite B kwa nini? Nikaweka 80 kwenda juu. Linki ni ileile. Kuna mteja wa Newala alinunua iPhone 11 kabla ya marekebisho, kakuta betri 81, kanitumia skrinishoti ya ufunguo wa zamani unaosema 85. Mimi nikimfungulia linki inasema 80, yuko ndani ya A. Anataka hela yake.

Kabla hamjanishukia: stika za A, B na C nimeshachapisha 500. Na nimeamua chini ya ufunguo niongeze "gredi zinaweza kubadilika bila taarifa". Nadhani hiyo inanilinda.

Karani wa Mnada
Sasa hapo kweli umemdhulumu mtoto wa watu. Biashara ni uaminifu, mkuu.

Fundi wa Ligula
Sentensi hiyo haikulindi, inamwambia mteja kwamba herufi uliyomwonyesha haina kazi. Ufunguo ukishatangazwa haufutwi. Ukitaka kubadilisha, fungua ukurasa mpya, uite toleo la 2, uandike tarehe, na toleo la 1 libaki pale pale na linki yake. Kila tangazo litaje toleo lililotumika. Simu iliyogrediwa kwa toleo la 1 inabaki hivyo hadi iuzwe, au uishike upya mkononi na kuigredi upya. Usibadilishe kwa kubonyeza linki tu.

Halafu ona kilichokusukuma. Ulibadilisha maana ya A ili mzigo uingie. Mzigo unaofuata ukiwa na 78 je? Betri itoe kabisa kwenye herufi. Iandike yenyewe, "Betri 81%, ilisomwa tarehe fulani", kwa sababu namba hiyo inashuka kwa matumizi. Simu nyingi za Android hazionyeshi asilimia hiyo, kwa hizo andika "haikupimwa", usibuni. Stika zako 500 zinafaa bado, herufi itamaanisha muonekano peke yake.

Hiyo iPhone ya Newala fremu ikoje? Na kioo ni chake?

Chikongola Orijino
Kona mbili za chini zimebonyea kidogo, kama milimita 1. Kioo kilibadilishwa, lakini ni kizuri tu, hujui hadi uambiwe.

Fundi wa Ligula
Simu yenyewe inajua. Kuanzia iPhone 11, yenye iOS 15.2 au zaidi, fungua `Settings > General > About`, inakuonyesha kioo kilichobadilishwa na kama ni cha kampuni au cha kuungaunga. Mteja akifika hapo umekwisha. Kwa ufunguo nilioandika juu, hiyo simu inasomeka hivi: "Muonekano B (kona mbili za chini, milimita 1). Kazi kamili. Kioo kimebadilishwa. Betri 81%, na tarehe. Ufunguo toleo la 2." Na kwa sababu uko pwani, mulika tochi kwenye tundu la laini. Kile kialama kidogo cheupe kikiwa chekundu, maji yaligusa humo, na hilo nalo liandikwe.

Chikongola Orijino
Kwa hiyo niseme kioo kimebadilishwa wakati wenzangu wote mtaani hawasemi? Bei itashuka.

Shuhuda wa Bima
Ngoja kwanza. Hii ni chai. Mleta uzi anajua skrinishoti ya mteja inasema nini, anajua fremu ya simu iliyo Newala kwa milimita, lakini hajui anaanzaje kuandika gredi? Huyu siyo muuzaji. Huyu ndiye mteja wa Newala, anakusanya hoja za kumbana muuzaji. Tupia picha ya stika 500 tuone.

Nahodha wa Mikindani
Shuhuda kaamka 😂 Kwa hiyo tumemshauri adui?

Karani wa Mnada
Hata mimi nilishangaa. Muuzaji gani anakubali hadharani kioo kimebadilishwa?

Mama Friji Lindi
Mwacheni bwana, akiwa mteja ana haki pia. Arudishiwe hela.

Chikongola Orijino
Shuhuda, mimi ni muuzaji, milimita nimezijua kwa sababu kanitumia video. Stika ziko dukani, sasa hivi niko nyumbani. Na hela sirudishi yote, simu kaitumia wiki tatu.

Shuhuda wa Bima
Bila picha ni chai.

Fundi wa Ligula
Awe muuzaji, awe mteja, gredi ya hiyo simu haibadiliki. Mambo ya kurudishiana hela malizaneni wenyewe, ila kwa ufunguo uliokuwa hewani siku anaponunua, ile haikuwa A.

Chikongola Orijino
Sawa. Nimeandika toleo la 2 upande wa mgongo, niambieni: "A: mgongo hauna alama inayoonekana kwa urahisi, umbali wa sentimita 30. B: alama hadi tatu, hakuna inayozidi milimita 5."

Fundi wa Ligula
B iko vizuri. Kwenye A toa "kwa urahisi", vijana wataanza kubishana tena hapo hapo. Na sema mgongo wenye kava la kubandika unatolewa kava kwanza. Simu yenye alama nne za milimita 1 umeiweka wapi? Kwa maneno yako inaanguka C pamoja na iliyochubuka nusu mgongo.

Chikongola Orijino
Dah. Hiyo sikuiona. Ngoja niirudie.