Tangazo refu, tangazo fupi: kipi hasa cha kukata?

Karani wa Maji:
Wakuu naomba mnisaidie ubishi wa ofisini. Bosi amechoka na matangazo marefu, ameagiza kuanzia sasa lolote lisizidi mistari miwili. Hili ndo tulilokuwa tumeandika:

"Mamlaka inapenda kuchukua fursa hii kuwatangazia na kuwajulisha wateja wake wote kwa ujumla kwamba kutakuwepo na zoezi la kufanya matengenezo ya bomba kuu la maji, hivyo basi kutokana na sababu hiyo kutakuwa na hali ya ukosefu wa huduma ya upatikanaji wa maji katika baadhi ya maeneo mbalimbali kwa muda wa siku kadhaa. Mamlaka inaomba radhi kwa usumbufu wowote ule utakaojitokeza kwa namna moja ama nyingine."

Bosi akalifanya hivi: "Maji yatakatika wiki hii. Samahani kwa usumbufu." Je hiyo ndo lugha ya muhtasari inayotakiwa?

Mkato Tu:
Bosi wako yuko sahihi mia kwa mia. Nimehesabu, la kwanza lina maneno 65, lake lina 7. Nani ana muda wa kusoma maneno 65 kwenye nguzo ya umeme? Ofisi zetu zinapenda kujaza karatasi ili mtu aonekane kasoma. Hesabu maneno, kata, basi.

Kalamu Nyekundu:
Mkato, kuhusu ugonjwa tunakubaliana, ila dawa yako siikubali. Nimehariri ripoti na barua za ofisi miaka mingi, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni hilo la kudhani ukipunguza maneno umeshaondoa uzembe.

Mwambieni mama aliyepo Majengo asome la bosi. Wiki hii lini? Mtaa gani? Ajaze ndoo ngapi? Hajui, kwa hiyo atapiga simu au ataenda kumuuliza jirani, na jirani naye hajui. Yale maneno mliyookoa kwenye karatasi yatasemwa kwenye simu mia kidogo. Sasa mrudieni lile refu mlisome kwa maswali hayo hayo. Nalo halijibu hata moja! Maneno 65 na maneno 7, na msomaji anatoka na kitu kilekile, kwamba maji yatakatika wakati fulani mahali fulani.

Angalieni wapi lile refu limenenepa zaidi: "baadhi ya maeneo mbalimbali", "siku kadhaa", "kwa namna moja ama nyingine". Ni pale pale ambapo mwandishi hakuwa na taarifa au aliogopa kuitaja. Mimi nikiona sentensi imejaa hivyo sianzi kukata, nauliza kwanza hapa palitakiwa kuwe na nini. Karani, ratiba ya mafundi unayo?

Karani wa Maji:
Ninayo. Jumanne tarehe 14 Julai saa 12 asubuhi hadi Alhamisi tarehe 16 saa 12 jioni. Majengo, Sokoni na Mlimani. Bomba limechakaa linabadilishwa. Zahanati tunapeleka boza. Halafu mafundi huwa wanasema maji yakirudi yatatoka na tope kidogo mwanzoni.

Kalamu Nyekundu:
Basi tangazo unalo mkononi:

"Jumanne tarehe 14 hadi Alhamisi tarehe 16 Julai hakutakuwa na maji Majengo, Sokoni na Mlimani, kwa sababu tunabadilisha bomba kuu lililochakaa. Maji yatakatika saa 12 asubuhi Jumanne na kurudi saa 12 jioni Alhamisi. Wekeni akiba ya siku tatu. Maji yakianza kurudi yanaweza kuwa na tope. Yaacheni yatiririke mpaka yawe safi kabla ya kuyatumia. Zahanati zitaletewa maji kwa boza."

Mkato, hesabu na hilo.

Mkato Tu:
58. Lakini kaka umeondoa maneno 7 tu! Na bado kuna ya kukata. "Jumanne" umeiandika mara mbili, "Alhamisi" mara mbili, na ukishaweka tarehe siku ya nini? Kalenda ipo kwenye simu.

Kalamu Nyekundu:
Ndo ninachotaka kusema, karibu urefu uleule lakini jaribu kutoa sentensi moja uone kama hakuna mtu atakayeathirika. Ukitoa ya tope, kuna mtu atafua shati jeupe.

Kuhusu siku na tarehe, hiyo ni rudufu nimeiacha kusudi. Siku na tarehe zinalindana. Karani akikosea akachapa "Jumanne tarehe 15", mtu yeyote makini ataona haviendani na atauliza kabla maji hayajakatika. Angeandika tarehe 15 peke yake hakuna ambaye angeshtuka. Ndo maana hata hundi ya benki unaandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na hakuna anayesema huo ni upuuzi. Kwa hiyo sio kila kinachosemwa mara mbili ni cha kufutwa, uliza kile cha pili kina kazi gani. "Kuwatangazia na kuwajulisha" cha pili hakina kazi. "Wote kwa ujumla" vilevile.

Mwanachuo:
Hapa mmenigusa. Mimi nimemaliza ripoti ya field, mwongozo unataka kurasa zisizopungua 25 na mimi nilichokiona kinatosha kurasa 14. Sasa nifanyeje? Nimeweka "katika suala zima la", "kwa kuzingatia ukweli kwamba", utangulizi wa kila sura unaoeleza sura itaeleza nini, na hitimisho la kila sura linaloeleza sura imeeleza nini. Nimefika 24. Naombeni maneno mengine ya kuongezea kama yapo.

Kalamu Nyekundu:
Mdogo wangu usiongeze hayo, msimamizi anayesoma kweli atayaona. Rudi kwenye daftari lako la field. Umeandika "wakulima walihojiwa", wangapi, kijiji gani, uliwapataje, nani alikataa kuhojiwa na kwa nini? Jedwali lako ulilisema kwa sentensi moja tu au ulieleza ile safu ambayo haikwenda kama ulivyotegemea? Kurasa 11 zinazokosekana nyingi zimo humo. Lakini pia nakubali lawama ipo kwa anayeweka kima cha chini cha kurasa. Mtu anafundishwa kujaza akiwa chuo, akiajiriwa anaandika tangazo kama lile la juu, halafu tunamshangaa.

Bi Mkubwa wa Mvita:
Nimewasoma wanangu, nina neno. Mwaandika vizuri lakini hilo tangazo jipya latisha. Halina salamu, halina "twawaomba radhi", limekuwa kama amri ya askari, wekeni, yaacheni. Sisi huku Mombasa mtu haingii nyumbani mwa watu akaanza kusema haja yake. Adabu si maneno ya ziada. Yule mama wa Majengo akinyimwa maji siku tatu na asiombwe hata radhi, mwamwambia nini?

Mkato Tu:
Bi mkubwa shikamoo, lakini radhi haijazi ndoo.

Bi Mkubwa wa Mvita:
Marahaba. Haijazi ndoo, lakini hufanya mtu asikuchukie ukija kudai bili.

Kalamu Nyekundu:
Shikamoo bi mkubwa. Hapo nimenyooka mno, nakubali radhi irudi. Ila tuombe radhi ya kitu kinachojulikana. "Tunaomba radhi kwa siku tatu bila maji" ni radhi. "Usumbufu wowote ule utakaojitokeza kwa namna moja ama nyingine" ni kama kusema huenda hakuna atakayesumbuka. Ile ya pili ni ndefu zaidi na adabu yake ni ndogo zaidi.

Kuna jambo lingine linalonenepesha Kiswahili cha ofisi na halisemwi sana. Kitenzi chetu kinabeba mzigo mkubwa. "Tutawarudishia" ni neno moja, ndani yake yupo anayefanya, wakati, na anayefanyiwa. Ukiligeuza kuwa "zoezi la urejeshaji wa huduma litafanyika" umeshampoteza anayerudisha, umempoteza anayerudishiwa, na badala ya neno moja una sita. Halafu zile "ya", "wa", "la" zinaanza kufuatana, "hali ya ukosefu wa huduma ya upatikanaji wa maji", wakati mtu alitaka kusema tu hakutakuwa na maji. Mkiona "zoezi la", "suala la", "hali ya" au "kufanya" mbele ya jina, tafuteni kitenzi kilichofichwa humo ndani, mara nyingi kipo. Sio mara zote, kuna "hali ya hewa" na "hali ya hatari", hayo ni majina kamili msiyaguse.

Wakili wa Mtaani:
Nakubali kwa matangazo, ila msije na huo wembe kwenye mikataba. Kiswahili kikibanwa sana kinaweza kumuumiza mtu. Mfano: "Mpangaji aliyemshtaki mwenye nyumba atalipa gharama." Nani kamshtaki nani? Inasomeka mpangaji ndo kashtaki, na inasomeka pia kwamba ni mpangaji yule ambaye mwenye nyumba alimshtaki. Wawili wakigombana kila mmoja atasoma kwa upande wake. Andika "mpangaji ambaye mwenye nyumba alimshtaki", umeongeza neno moja na ugomvi umekwisha. Vilevile sisi tunarudia "mpangaji" mara kumi badala ya kusema "yeye", kwa sababu "yeye" kwenye mkataba wa watu wawili ni balaa.

Mkato Tu:
Sawa wakili, hiyo ya "ambaye" sikuwahi kuifikiria, naiona. Lakini mbona mikataba yenu ina "bila kuathiri ujumla wa yaliyotangulia" na "kwa hiari yake mwenyewe bila kushurutishwa wala kulazimishwa"? Nayo ni kuzuia ugomvi?

Wakili wa Mtaani:
Ya kwanza ndiyo, ina kazi. Ukitaja kanuni ya jumla halafu ukaorodhesha mifano, mtu anaweza kudai mkataba unahusu mifano ile tu, yale maneno yanamzuia. Ya pili, "kushurutishwa wala kulazimishwa", sitaitetea sana. Tunaiweka kwa sababu aliyetutangulia aliiweka na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuitoa.

Kalamu Nyekundu:
Hapo ndo tutatofautiana wakili. Mteja anayesaini anadhani kila neno lina maana yake, kwa hiyo anakaa kutafuta tofauti ya kushurutishwa na kulazimishwa ambayo haipo, na huku kifungu cha kodi kupanda kila mwaka anakipita haraka kwa uchovu.

Wakili wa Mtaani:
Na siku litakapotolewa neno, wakili wa upande wa pili atasema lilitolewa kwa makusudi. Siwezi kucheza na hilo kwenye kesi ya mtu.

Karani wa Maji:
Nimepeleka lile jipya kwa bosi pamoja na radhi ya siku tatu. Tarehe na mitaa kakubali palepale. Sentensi ya tope ameifuta, anasema itawatia watu hofu na mistari imezidi. Nimemwambia bora tufute sababu ya bomba kuliko hiyo, maana bomba lililochakaa halimwambii mtu afanye chochote. Amesema atafikiria mpaka kesho asubuhi.

Bi Mkubwa wa Mvita:
Sababu msiifute mwanangu, mtu akijua bomba labadilishwa hustahimili. Punguzeni mahali pengine.