UZI WA MALALAMIKO: Acheni kumtumia mgeni methali kwenye simu, mwatuharibia kazi

BintiLangoni ameanzisha uzi

Nina hasira, na leo nitaimwaga yote hapa. Kila msimu ni yale yale. Mgeni yuko Milano, hajawahi kukanyaga Lamu, anauliza jambo moja tu kwa wasapu: boti ya Takwa inaondoka saa ngapi? Anajibiwa kwa mafumbo. Akikasirika, tunakaa barazani tukisema Wazungu hawajui mzaha.

Someni ujumbe huu. Nimeutunga mwenyewe kwa kuunganisha makosa ya kila siku, kwa hiyo mtu asije akasema namsema yeye:

"Karibu sana! Kesho saa kumi na mbili asubuhi maji yamejaa, twende Takwa inshallah. Usichelewe, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haha! Usijali, papa wetu wameshakula."

Mwenye kuandika ameuwaza kwa Kiswahili, akaugeuza Kiingereza neno kwa neno. Mgeni naye ameutia kwenye programu ya kutafsiri uje Kitaliano. Sasa kaeni upande wake. Saa kumi na mbili asubuhi kwake imekuwa 12 ya asubuhi, hajui kama ni usiku wa manane au ni adhuhuri. Siku ya tatu atapewa chombo cha kulimia, na yeye amelipia nyumba siku tano. Na kumbe baharini mna papa, na wanalishwa. Alikuwa hajauliza habari za papa! Mzaha wa kumtoa mtu hofu humtia hofu asiyekuwa nayo.

Ukimwambia mtu gatini jambo hilo hilo huku unacheka na umemshika mkono, atacheka nawe. Sauti na uso ndivyo vinavyomwonyesha kwamba huu ni utani. Kwenye simu vyote viwili havipo, na ujumbe wenyewe ni mistari mitatu, kwa hiyo hana kingine cha kupimia. Emoji ya kucheka haiokoi. Ukiitia baada ya neno la jembe, mtu asiyejua methali ataona unamcheka yeye.

Dawa yake si kuandika kikavu kama karani wa mahakama. Chukua kila utani na ujiulize ulikuwa unabeba habari gani. Jembe lilibeba "usichelewe". Basi mwambie kwa nini asichelewe, maana sababu ipo na ni ya kweli: njia ya Takwa hupita kwenye mkono wa maji ndani ya mikoko, na maji yakipwa chombo hakipiti. Papa walibeba "safari ni salama". Basi mwambie kuna jaketi za kuokolea, na za watoto pia kama zipo. Utani ambao haukubeba kitu, futa.

Mimi ningeandika hivi, tuseme siku hiyo maji yanajaa saa moja u nusu asubuhi:

```
Boat to Takwa: Thursday 14 March, 06:30 in the morning (Kenya time).
Meeting place: main jetty, Lamu town.
Please be there at 06:15. After 09:00 the channel is too shallow
and the boat cannot come back.
Life jackets are on the boat.
```

Hakuna "kesho" humo. Mgeni akiusoma ujumbe usiku wa manane, au siku ya pili kwa kuwa hakuwa na mtandao, "kesho" inakuwa siku nyingine. Mwezi umeandikwa kwa jina, kwa sababu 04/05 kwetu ni tarehe nne Mei na kwa Mmarekani ni tano Aprili. Na "saa za Kenya" imeandikwa kwa kuwa Italia iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi.

Haya, nitukaneni.

Kijana_Mkomani

Dada, hasira zote za nini? Dawa ni nyepesi. Andika Kiswahili chako, programu ikigeuze Kiingereza, kisha chukua kile Kiingereza uirudishie ikupe Kiswahili tena. Kikirudi vile vile, tuma. Kikirudi kimeharibika, badilisha. Mimi ndivyo nifanyavyo na sijawahi kugombana na mgeni.

Nahodha_Mstaafu

Mwanangu wa Mkomani, umesema kweli nusu. Njia hiyo itakukamatia methali, kwa sababu methali hurudi imevunjika na utaiona kwa macho yako. Lakini makosa mabaya zaidi hayarudi yamevunjika. Andika "saa kumi na mbili". Ikigeuzwa neno kwa neno itakuwa 12. Irudishe: saa kumi na mbili. Umeona? Imekwenda na kurudi safi kabisa, na huko katikati imepotea saa sita. Kosa lililofanywa kwenda ndilo lile lile lililofanywa kurudi, moja limelifunika jingine.

Hali kadhalika "nakuja". Sisi mtu huinuka barazani akasema "nakuja", na maana yake anaondoka ila atarudi. Mwandikie mgeni hivyo kwa Kiingereza, atasimama mlangoni na mizigo akikungoja. Na ukilijaribu kwa programu, neno linarudi "nakuja" bila doa.

Lingine ambalo Binti hakulitaja ni usiku. Sisi wa pwani, na hasa wazee, usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likishatua. Ukimwandikia mgeni chakula ni usiku wa Ijumaa, ataelewa Ijumaa jioni, na pilau itakuwa imekwisha jana yake. Hata hilo programu haikuonyeshi.

Kipimo changu ni kingine. Mpe ujumbe mtu ambaye hakuwapo mlipoagana na mgeni, na usimweleze kitu. Mwambie: niambie ni siku gani, saa ngapi kwa tarakimu za 24, wapi, na nifanye nini nikichelewa. Akikwama kwenye moja, ujumbe haujakamilika. Kijana wa duka akufaa, muradi hajui habari ile.

Na kwa kuwa tumetaja maji: usimwambie mgeni "kesho kutwa saa ile ile". Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Yakijaa saa moja u nusu Alhamisi, Ijumaa ni kama saa mbili na dakika ishirini, Jumamosi saa tatu na dakika kumi. Kila siku iandikiwe saa yake.

MpishiWaShela

Samahani, mimi sina boti, mimi napika. Mgeni Mtaliano nilimwandikia kwamba kesho yake nina wageni ishirini wa harusi, akanijibu jambo la mbwa mwitu na mdomo. Nimeligeuza, likaja "katika mdomo wa mbwa mwitu". Hivi amenitukana au ananitisha? Sijamjibu mpaka leo, siku ya tatu.

BintiLangoni

Bi Mpishi! Mjibu sasa hivi, maskini. Hiyo ni `in bocca al lupo`, Waitaliano huambiana mtu akiwa na mtihani au kazi kubwa mbele yake. Amekutakia heri. Wenyewe hujibu `crepi`, yaani huyo mbwa mwitu na afe, lakini wewe sema asante tu, inatosha. Mwambie na harusi ilivyokwenda.

Mmeona lakini? Naye amefanya kosa letu lile lile. Kwao ni neno la mapenzi, kwako limefika na meno.

Kijana_Mkomani

Kumbe nao wana jembe lao 😂

Sawa Nahodha, la saa nimekubali. Ila nauliza: ukitoa utani wote, mgeni si atatuona wakavu? Nyumba nyingine watamwandikia kwa uchangamfu, atahamia huko.

BintiLangoni

Uchangamfu na utani si kitu kimoja. Mtaje kwa jina lake, mwambie karibu Lamu, mwambie umefurahi kwamba anakuja na mama yake. Maneno hayo hufika salama lugha zote, kwa sababu yanasema kile kile yanachosema. Utani umngoje afike.

Na kwa kuwa umefungua mlango wa adabu, kuna hili la "pole". Mgeni anaandika kwamba begi lake limebaki Nairobi. Mtu anajibu kwa Kiingereza neno la kuomba radhi, mara mbili tatu, maana moyoni anasema pole. Mgeni anasoma: wamekiri kosa. Kesho anataka alipwe nguo. Pole yetu haikiri kosa, hata aliyejikwaa peke yake twampa pole. Kwa hiyo andika kwamba umesikitika *kusikia* begi limechelewa, kisha sema utakalofanya: utauliza uwanjani Manda ndege ya mchana ikitua, na utamwandikia kabla ya 15:00. Neno "kusikia" ndilo linalokutoa kwenye lawama.

Ustadh_Mtaani

Assalamu alaykum. Nimesoma yote, mengi ni mazuri. Lakini naona Bi Langoni ameitoa inshallah katika ujumbe wake aliousahihisha, kimya kimya, kama vile ni mzaha wa papa. Katika Suratul Kahf tumekatazwa kusema "nitafanya jambo hili kesho" bila ya kutegemeza kwa Mwenyezi Mungu. Hiyo si nahau ya kufutwa ili Mzungu aridhike.

BintiLangoni

Waalaykum salaam, Ustadh. Sikuitoa kwa dharau, nisamehe. Lakini mgeni asiyeijua huisoma "huenda tukaenda, huenda tusiende", na wenzetu wengine wameifanya iwe hivyo kweli, wanaitumia wasipotaka kusema hapana.

Nahodha_Mstaafu

Ustadh ana haki yake. Mimi naona iandikwe mwishoni, na kabla yake kielezwe kile ambacho safari inakitegemea. "Upepo ukiwa mkali nitakuandikia saa 05:30, na tutakwenda Ijumaa saa 07:20. Usipopata ujumbe, njoo gatini. Inshallah." Hapo mgeni anajua la kufanya, na wewe umeshika dini yako.

Ustadh_Mtaani

Hiyo naikubali kwa safari. Lakini mwenye kuitamka kwa ulimi asiiandike, je? Hapo wanavyuoni wana maneno, na mimi nisingependa tulimalize kwenye simu.

BintiLangoni

Nasi hatutalimaliza. Mimi nitaitamka.

MpishiWaShela

Nimemjibu Mtaliano. Amefurahi, na sasa anataka biriani "Ijumaa usiku". Nahodha, hiyo ni Ijumaa ya nani?

Nahodha_Mstaafu

Yake. Lakini muulize tarehe kabla hujanunua nyama.