Tupeane uzoefu: maziwa yanaleta kohozi na chunusi, au tunayasingizia?

Salama wa Kawempe
Mtu akishikwa na mafua, anaambiwa aache chai ya maziwa. Msichana akitokwa na chunusi, anaambiwa aache bongo, yaani maziwa ya mgando. Naomba wanaojua waeleze ni nini kimepimwa, na kimepimwaje. Maneno ya senga, yaani shangazi, tumeyasikia ya kutosha.

Tabibu wa Soroti
Nianze na kohozi, maana huko kuna majaribio mazuri. Mwaka 1990, kule Adelaide, Australia, watafiti waliwatia virusi vya mafua puani watu wazima 60. Kila mmoja aliandika maziwa aliyokunywa. Wengine hawakuyagusa, na mmoja alifikisha glasi 11 kwa siku. Makamasi yao hayakukadiriwa kwa macho, yalipimwa uzito. Walevi wa maziwa hawakutoa makamasi mengi kuliko waliojinyima.

Jambo lenye uhondo ni hili: waliokuwa wanaamini tangu mwanzo kwamba maziwa yanaleta kohozi walilalamika zaidi juu ya kikohozi na pua kuziba. Uzito wa makamasi yao haukuonyesha tofauti hiyo.

Kijana wa Kisenyi
Daktari, mimi sikubali. Waafrika wengi tukikua tunapoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, laktosi. Isiposagwa inageuka kohozi. Na ile hali ya koo kunata baada ya kunywa maziwa si ndoto, kila mtu anaijua.

Tabibu wa Soroti
Umeanza vizuri ukateleza katikati. Ni kweli wengi wetu ukubwani hatuisagi laktosi vizuri, lakini shida yake inaishia tumboni: gesi, kunguruma, kuharisha. Haipandi kifuani.

Koo kunata nako ni kweli, ila kinachonata si kohozi jipya. Maziwa ni matone madogo ya mafuta ndani ya maji. Yakichanganyika na mate, matone hushikana, mate yanakuwa mazito kwa muda na kuacha utando kooni. Mwaka 1993 watafiti walewale waliwapa watu kinywaji cha maziwa ya ng'ombe au cha soya, ladha ikafichwa ili mtu asijue anakunywa kipi. Waliokunywa soya walieleza utando uleule.

Nisiwafiche, mjadala haujafungwa kabisa. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 108 waliokuwa tayari wanalalamika kohozi kooni. Waliopewa chakula kisicho na maziwa walisema wamepata nafuu kuliko wenzao. Lakini hapo kipimo kilikuwa maneno yao wenyewe. Mimi bado naegemea mizani iliyopima makamasi.

Mama Twaha, Arua
Mimi wangu ana miaka minne, anakohoa usiku, huu mwezi wa pili. Nimeshamkatia maziwa kabisa lakini wapi. Nikate na mayai?

Tabibu wa Soroti
Mama Twaha, acha mayai, na umrudishie maziwa. Kikohozi kikizidi wiki mbili, mtoto apelekwe kituo cha afya apimwe kifua kikuu. Usiku msikilize: kifua kikipiga filimbi, mweleze mhudumu, maana huenda ni pumu. Mzio wa kweli wa maziwa upo, lakini mara nyingi huja haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika, kupumua kwa shida. Kikohozi cha miezi miwili peke yake hakifanani nao.

Mpima Maziwa, Mbarara
Nije kwenye chunusi, na hapa msicheke, kuna kitu. Mwaka 2005 wauguzi zaidi ya 47,000 wa Marekani waliulizwa walikula nini wakiwa sekondari. Waliokunywa maziwa mengi ndio waliotaja chunusi kali zaidi, hasa maziwa yaliyotolewa mafuta. Udhaifu wake unaonekana: nani anakumbuka sawasawa alichokunywa akiwa shule?

Mwaka 2018 tafiti nyingi zikaunganishwa, watu zaidi ya 78,000 wa miaka 7 hadi 30. Hesabu ya wenye chunusi kwa kila asiye nazo, kwa wanaotumia maziwa na bidhaa zake, ilitoka mara 1.25 ya wasiotumia. Tuseme, kwa mfano tu, kati ya vijana 100 wasiotumia maziwa 40 wana chunusi. Kwa wanaotumia wangekuwa kama 45. Wale 40 wa kwanza chunusi zao zimetoka wapi? Hapo ndipo mnaposingizia ng'ombe.

Sababu inayotajwa ni kwamba maziwa hupandisha insulini na kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1, na hivyo viwili huamsha tezi za mafuta ya ngozi. Inaingia akilini, lakini uhusiano si ushahidi. Pengine kijana anayekunywa maziwa mengi anakula na vingine vingi.

Salama wa Kawempe
Vingine kama sukari? Chai yetu ya maziwa ina vijiko vitatu na mandazi pembeni.

Mpima Maziwa, Mbarara
Hapo umegusa penyewe. Mwaka 2007, Australia tena, vijana 43 wa kiume walifuatwa wiki 12. Nusu walipunguziwa vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka. Chunusi zao zilipungua kama 23 kwa mtu. Lakini wenzao ambao hawakupunguziwa nao walipungukiwa kama 12! Chunusi hupanda na kushuka zenyewe. Ndiyo maana mtu akiacha maziwa mwezi mmoja akapona, hajathibitisha lolote.

Tuchukue kijana wa miaka 19 anayekunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa kwa siku. Akiacha chai, ameacha maziwa, sukari na mandazi kwa pamoja, na hatajua kipi kimemsaidia. Afanye hivi: aendelee na chai ya rangi yenye sukari ileile na mandazi yaleyale, atoe maziwa tu, pamoja na bongo, na unga wa protini kama ananyanyua vyuma, maana mwingi hutokana na maziwa. Asibadilishe sabuni wala krimu. Kila Jumapili ahesabu vipele, dirisha lilelile, saa ileile, na apige picha. Wiki 12, si 2, kwa sababu tundu la ngozi huchukua wiki nyingi kuziba kabla kipele hakijaonekana.

Kisha arudishe maziwa wiki 12 nyingine, akiendelea kuhesabu. Vikishuka bila maziwa na kupanda nayo, ana haki ya kuyashuku. Vikishuka na kubaki chini hata maziwa yaliporudi, yalikuwa hayamo.

Kijana wa Kisenyi
Miezi sita ya kuhesabu vipele! Kwa nini asipake dawa tu?

Tabibu wa Soroti
Apake, hakuna ubaya, ila asifanye vyote kwa wakati mmoja kama anataka jibu. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inatosha kuanzia, safu nyembamba usiku, na inatoa rangi kwenye foronya. Aangalie kwanza krimu anayotumia sasa. Zile za kung'arisha zenye steroidi, kama klobetasoli, zinaleta chunusi zenyewe: vipele vidogo vya umbo moja, ngozi nyembamba na nyekundu. Huyo hata akiacha maziwa mwaka mzima hatapona. Wala asiikate krimu ghafla bila kumwona mhudumu, ngozi huweza kuwaka vibaya.

Salama wa Kawempe
Na bongo je? Nyumbani kwetu Kiruhura watu wanakunywa kuliko maji.

Mpima Maziwa, Mbarara
Hapo wachambuzi hawajakubaliana. Ule wa 2018 uliitia hatiani yogati pia, uchambuzi mwingine haukuona kitu. Na yogati ya dukani huwa na sukari, bongo yetu mara nyingi haina. Mwenye kijana anayetaka kuhesabu vipele, aje na madaftari mawili, la chai na la bongo.