Namsahihishaje mwanafunzi anayeongea bila kumfunga mdomo? (Kiswahili kwa wageni)

Mwalimu wa Njiro
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kwa wageni watu wazima hapa Arusha, darasa dogo la watu sita. Kuongea wanaongea, ila upatanisho wa ngeli unawapiga chenga. Haya ni mazungumzo ya leo kama yalivyokuwa:

– Jana nilinunua viatu mzuri sokoni.
– Aa, ulinunua viatu vizuri!
– Ndiyo, mzuri sana. Na bei rahisi.

Nimeirudia sentensi yake ikiwa sahihi, kafurahi, kaendelea na "mzuri" yake. Mwenzangu wa chumba cha pili hafanyi hivyo. Yeye humsimamisha mtu na kumwuliza "viatu…?" mpaka apate mwenyewe. Wanafunzi wake wanapatia kuliko wangu, lakini siku hizi wanaongea vijisentensi vya maneno matatu. Mwalimu mwingine ananiambia niandike makosa kimya kimya, niyatoe mwisho wa kipindi. Kila njia ifanye kazi gani, na wakati gani?

Kipanga
Mkuu, waache waongee. Mtoto hajifunzi lugha kwa kusahihishwa, anasikia tu mpaka inakaa. Ukiwabana watanyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi kitu.

Bi Mwanaidi
Kipanga, hilo la kunyamaza uko sawa kabisa. La kukaa yenyewe ndilo linalonisumbua. Kule Kanada wapo watoto wanaosomeshwa masomo mengi kwa Kifaransa tangu wadogo. Baada ya miaka mingi wanaelewa kila kitu na wanaongea bila kusita, lakini bado wanakosea jinsia za nomino. Watafiti Lyster na Ranta walichapisha mwaka 1997 waliyoyaona katika madarasa ya aina hiyo: zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kurudia kwa usahihi, kama anavyofanya mwenye uzi, na watoto waliitikia chini ya theluthi moja ya hayo. Pale mwalimu alipomwachia mtoto nafasi aimalizie mwenyewe, alijibiwa karibu kila mara. Jinsia za Kifaransa na ngeli zetu ni ndugu katika hili: ukikosea, maana inafika vilevile, kwa hiyo hakuna kinachomlazimisha mtu kugundua.

Sasa mwalimu, tazama mazungumzo yako. Kwetu kurudia maneno ya mtu ni kumwonyesha kwamba unamsikiliza. "Nilikwenda Tanga." "Ulikwenda Tanga!" Mgeni keshaizoea adabu hiyo mitaani, na aliposikia "ulinunua viatu vizuri!" akadhani umevipenda viatu. Halafu "nilinunua" yake imegeuka "ulinunua", yaani sentensi imebadilika mahali pawili, na badiliko moja halihusiani na kosa. Atajuaje lipi ni la kumrekebisha?

Ukitaka kurudia, kata. Usirudie sentensi nzima, sema "viatu vizuri" tu, ukikaza hapo kwenye vi-, kisha nyamaza kidogo. Mara nyingi ataisema mwenyewe na kuendelea na hadithi yake. Kwa matamshi na msamiati kurudia kunatosha hata bila kukaza. Akisema "ngombe" badala ya "ng'ombe", anausikia utofauti papo hapo. Viambishi vya ngeli ndivyo vinavyompita.

Mwalimu wa Njiro
Bi Mwanaidi, hilo la "ulinunua" sikuwa nimeliona kabisa. Na kumwuliza kama afanyavyo mwenzangu?

Bi Mwanaidi
Kudokeza kuna nguvu, kwa sharti moja: kitu kiwe tayari kichwani mwake. KI-VI mmeshaifundisha, kwa hiyo "viatu…?" ni haki. Lakini akikwambia "kitabu mimi nilinunua jana", na "nilichonunua" hamjaigusa, usimdokeze. Utamwacha anahangaika mbele ya wenzake kutafuta kisichokuwepo. Mpe jibu, asonge mbele.

Mtazame usoni. Akiangalia juu huku midomo inacheza, "ki… vi…", anatafuta, msubiri. Akikukodolea macho wewe, hana. Mpe. Na usidokeze mara mbili kwa kosa moja. Ya pili inageuka mtihani, na nadhani ndiko mwenzako alikofika. Anadokeza kila kosa, hivyo watu wamejifunza kwamba sentensi fupi ndiyo salama. Achague ngeli moja au mbili kwa wiki, makosa mengine ayapishe.

Mwl. Sekondari
Mimi kwenye insha nimeacha kalamu nyekundu, natumia kijani, na napigia mstari bila kuandika jibu. Wanafunzi wameacha kukunja daftari. Jaribu.

Mwalimu wa Njiro
Asante mwalimu, ila mimi nauliza kuhusu kuongea. Maneno yakishatoka hakuna cha kupigia mstari.

Shangazi wa Pangani
Kipo, ukiyaandika. Mimi nasahihisha baadaye, na inanisaidia zaidi mtu anaposimulia. Aliyeshika kisa cha safari yake usimkatize kwa ajili ya "vi". Nakaa pembeni na daftari, naandika sentensi kama ilivyosemwa, na neno moja la kunikumbusha alikuwa anaeleza nini. Bila neno hilo mwenyewe hukana kwamba alisema. Kisha naandika ubaoni sentensi tano, bila majina, mbili kati yake zikiwa sahihi. "Vitanda vilikuwa ndogo." "Mti umeanguka barabarani." "Nilikula chakula kizuri." "Mizigo yangu ilipotea." Hapo tunatafuta wawili wawili zipi zina kasoro. Hizo nne ni za juzi, nilisahau nikaweka moja tu yenye kasoro, na ubishi wao kuhusu "mizigo" ulikuwa somo tosha.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kazi inapopotea. Mwambie asimulie kisa kilekile tena kwa mtu mwingine, siku hiyohiyo. Usipofanya hivyo, ubaoni anapatia na mdomoni anarudia yaleyale.

Bi Mwanaidi
Nakubaliana na shangazi kuhusu kusimulia upya. Ila kwa mazoezi ya ngeli yenyewe bado naona papo hapo ni bora, maana kosa na sahihisho vinakaa pamoja. Walimu wanatofautiana hapa, na tafiti nilizosoma hazijanipa mshindi wa wazi.

Mkaazi wa Umoja
Niko Nairobi. Mwanafunzi wangu alirudi kutoka sokoni akaniambia, "Mwalimu, muuzaji amesema *kitabu yangu*, na wewe unanikataza." Nimsahihishe nani sasa?

Bi Mwanaidi
Huyo umwambie ukweli: mtaani ataisikia na ataeleweka akiisema, kwenye mtihani na ofisini itamhukumu. Mimi naisahihisha darasani, nje naiacha. Wapo wenzangu wanaoona hata darasani tunakaza mno, na sijafaulu kuwashinda.

Mwalimu wa Njiro
Nimerudi. Leo nimetumia "viatu vizuri" fupi, na kwa KI-VI nimedokeza mara mojamoja. Yule dada wa viatu amejirekebisha mwenyewe kwenye "vyombo", nami sikuwa nimesema neno. Kwenye "miti mrefu" hakushtuka hata kidogo.

Limebaki moja. Nina mzee mstaafu, mkubwa kuliko wote darasani. Nikimdokeza mbele ya vijana anakunja uso, nikimwacha analalamika kwamba simfundishi.

Shangazi wa Pangani
Mwulize faraghani, mkiwa wawili, anataka umrekebishe lini na vipi. Watu wazima wengi wanataka kusahihishwa kuliko tunavyodhani, wanachokataa ni hadhara. Wangu mmoja alichagua nimwandikie kwenye kikaratasi, anakisoma akifika nyumbani.

Bi Mwanaidi
Kikaratasi kitamlindia heshima, shangazi, lakini hakitamfanya aiseme. Labda umwanzishie kipindi kijacho kwa sentensi mbili za kikaratasi hicho, kabla wenzake hawajaingia.

Mwalimu wa Njiro
Huwa anawahi kufika. Nitamwuliza Jumatatu.